Upepo Umevuma, Sato Wamekosa Hewa: Uchambuzi wa Ngazi ya Mifano kwa Wafugaji wa Vizimba, Ghuba ya Mwanza

Kisa kiko hivi. Ni mwezi wa saba. Kikundi cha wafugaji wa sato kina vizimba kwenye maji ya kina cha mita 12, karibu na mahali Ghuba ya Mwanza inapofungukia ziwa kubwa. Upepo wa kusini umevuma kwa nguvu siku mbili mfululizo. Alfajiri ya siku ya tatu mlinzi anakuta samaki wanahema juu juu, midomo wazi, na kufikia saa mbili asubuhi wakubwa wameanza kuelea matumbo juu. Afisa uvuvi anapima maji na kusema oksijeni imeshuka kwa sababu maji ya chini yamepanda. Watu wanamsikiliza kwa heshima, halafu mzee mmoja anauliza: “Bwana samaki, upepo ndio unaoleta hewa majini. Sasa umevuma siku mbili, hewa imekwishaje?” Hajibiwi vizuri. Jioni, mwaloni, habari inayozunguka ni kwamba kuna mtu amemwaga sumu.

Swali la mzee si la mtu asiyeelewa. Upepo kweli huongeza hewa kwenye maji, na kila aliyewahi kupuliza hewa kwenye maji ya bwawa kwa pampu analijua hilo. Maelezo ya afisa yaligongana na kitu sahihi ambacho wasikilizaji wanakijua, naye hakuwaonyesha jinsi mambo yote mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja. Ndiyo maana ngazi ya mifano ya kisa hiki haianzi na tafsiri ya maneno ya kitaalamu. Inaanza na pingamizi hilo.

Ngazi ya mifano ni mfululizo wa mifano inayopandana. Kila kipandio kinabeba wazo moja jipya tu, kinasimama juu ya kile cha chini yake, na kinavunjwa kwa makusudi mahali ambapo kingeanza kupotosha. Watu hupanda kutoka chini, lakini mjengaji huanzia juu. Anaandika kwanza sentensi ya mwisho anayotaka msikilizaji aielewe, kisha anaipasua aone imebeba mawazo mangapi. Sentensi yetu ni hii: “Upepo uliinamisha matabaka ya ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda upande wetu, yakachanganyika na maji ya kizimba na kuyanyonya oksijeni yake.” Ndani yake kuna mambo manne: kwamba maji hukaa kwa matabaka; kwamba tabaka la chini huishiwa oksijeni; kwamba upepo unaweza kulipandisha; na kwamba mchanganyiko hutoka mbaya kuliko wastani wa maji hayo mawili. Kwa hiyo vipandio ni vinne. Anayevifanya viwili ili aokoe muda atakutana na mzee yule tena.

Kipandio cha kwanza, matabaka, kina mtego ambao karibu kila mtu huuingia: mafuta ya kula juu ya maji. Ni rahisi, kila nyumba inayo, na matabaka yanaonekana safi. Lakini mafuta hayachanganyiki na maji hata ukikoroga mchana kutwa. Msikilizaji aliyepanda kwa mfano huo atafika kipandio cha tatu akiwa na hakika kwamba matabaka ya ziwa hayawezi kuchanganyika, na hapo ngazi yote imeanguka. Kipandio kisipimwe kwa urahisi wake tu. Kipimwe pia kwa kile kitakachohitajika vipandio viwili mbele.

Kinachofaa ni maji juu ya maji. Anza na kitu ambacho mwili umeshakijua: anayeoga ziwani saa tisa alasiri siku tulivu huhisi maji ya kifuani vuguvugu na ya miguuni baridi. Huo si mfano, ni jambo lenyewe, na kila aliyekulia pwani ya ziwa ataitikia kwa kichwa. Kisha weka mezani mitungi miwili ya kioo yenye midomo inayolingana. Mmoja ujaze maji ya barafu yenye rangi ya keki ya bluu. Mwingine ujaze maji ya moto kiasi cha kuoga, yenye rangi nyekundu, mpaka mdomoni kabisa. Funika ule mwekundu kwa kipande cha plastiki ngumu, ugeuze, uuweke juu ya ule wa bluu, kisha vuta plastiki polepole ukiwa umeilaza. Nyekundu inabaki juu, bluu inabaki chini, na mpaka kati yake unaonekana. Jozi ya pili ifanye kinyume, baridi juu na moto chini, na kwa sekunde chache tu yote inakuwa zambarau.

Onyesho hili huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mtungi usipojaa hadi mdomoni kunabaki povu la hewa, na povu hilo hukoroga maji linapopanda. Plastiki ikivutwa haraka hufanya kazi ya mwiko. Rangi ikizidi, hakuna anayeona mpaka. Matone mawili au matatu yanatosha kwa mtungi wa nusu lita. Chupa laini za maji ya kunywa ziachwe, kwa sababu zikishikwa hubonyea na kusukuma maji.

Sasa kivunje. Kwenye mitungi tofauti ya joto ni nyuzi thelathini na zaidi, na mtu makini atasema ziwa halina maji ya moto. Anasema kweli: kati ya maji ya juu na ya chini ya Ziwa Viktoria tofauti mara nyingi ni nyuzi moja hadi tatu tu. Hapa leta tenki la lita 1000, ambalo kila mtu amelipanda kuangalia kama maji yamejaa. Maji ya nyuzi 27 yanayojaza tenki hilo ni mepesi kuliko maji ya nyuzi 25 kwa karibu nusu kilo. Ni kidogo, lakini tabaka la chini limetandazwa kilomita kwa kilomita, na kila tenki lake unalotaka kulipandisha linakudai nusu kilo hiyo. Siku tulivu hakuna wa kuilipa. Msemaji aliyesomea maziwa ya nchi za baridi na ajue kwamba mifano ya huko haihamishiki hivi hivi: maji ya nyuzi 6 na ya nyuzi 4 hutofautiana kwa gramu 30 hivi tu kwa tenki lile lile. Maji yetu ya vuguvugu hujitenga kwa tofauti ndogo ya joto. Habari za ziwa kuganda na kuyeyuka ziachwe kabisa, kwa sababu zinampeleka msikilizaji mahali asipopajua kutafuta jibu la hapa nyumbani.

Kipandio cha pili ni kwa nini tabaka la chini linaishiwa. Wengi husema “maji ya chini hayana hewa” na kuendelea, kana kwamba yalizaliwa hivyo. Wazo linalotakiwa ni mwendo wa kuingia na kutoka, na mfano unaolibeba vizuri ni akaunti ya simu. Maji ya juu yana njia mbili za kuweka: hewa inayogusa uso wa ziwa, na mwani unaotengeneza oksijeni mchana. Wanaotoa ni samaki, wadudu na bakteria wanaoozesha mabaki. Maji ya chini yana wanaotoa wale wale, tena wengi, kwa sababu kila kinachokufa juu huzama huko: mwani, kinyesi cha samaki, chakula cha vizimba kisicholiwa. Lakini njia za kuweka zimefungwa. Jua halifiki, na lile tabaka la juu ni kifuniko kinachozuia hewa. Akaunti inayotolewa kila siku bila kuwekwa haihitaji mwizi ili iishe.

Usipite hapa bila kuonyesha jinsi salio lilivyo dogo tangu mwanzo. Lita moja ya hewa tunayovuta kando ya ziwa ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji ya ziwa ya nyuzi 25, yakiwa yameshiba hewa kabisa, ina miligramu 7 hivi. Samaki anaishi kwenye akaunti iliyo ndogo kuliko yetu mara thelathini hivi, na mtu akishaiona hiyo haulizi tena inawezekanaje iishe usiku mmoja. Sato huanza kusumbuka salio likishuka chini ya miligramu 3, na chini ya 1 hadumu. Sangara havumilii hata kiasi hicho. Wavuvi wazoefu wana ushahidi wao wenyewe: msimu fulani nyavu zikishushwa kina fulani hazileti kitu. Waulize, kisha nyamaza. Jibu lao linakibeba kipandio hiki kuliko maneno ya msemaji.

Mfano wa akaunti nao una mahali unapovunjika. Pesa haipungui kwa sababu ya joto, lakini maji yakipata joto hubeba oksijeni pungufu hata kama yameshiba. Tena neno “kuweka” humfanya mtu afikiri kuna dawa ya kumwagia ziwani irudishe salio. Sema wazi kwamba haipo.

Kipandio cha tatu ndicho kinachomjibu mzee, kwa hiyo kipewe muda mrefu kuliko vingine. Msemo unaopendwa hapa ni kwamba ziwa “limepinduka”, na picha inayokuja kichwani ni mtumbwi: chini inakuwa juu, mara moja, na yote. Msikilizaji anayebaki na picha hiyo atauliza mbona vizimba vya upande wa pili wa ghuba havikuguswa, na kwa picha yake ana haki ya kushuku hujuma. Neno linalofaa ni kuinama.

Tafuta chombo kirefu cha kioo au plastiki angavu, urefu wa nusu mita hivi. Mimina maji yenye chumvi na rangi ya bluu yafikie sentimita 6. Juu yake weka kipande cha sponji kinachoelea, umimine maji ya bomba polepole juu ya sponji hiyo mpaka upate sentimita 5 nyingine. Chumvi inafanya kazi ya baridi: inayafanya maji ya chini kuwa mazito kidogo, na haipoi ukiwa unaongea. Kisha chukua drai ya saluni, izime moto ibaki kupuliza tu, upulize kutoka mwisho mmoja ukiilaza karibu na uso wa maji. Baada ya dakika moja au mbili maji maangavu yamesukumwa na kurundikana mwisho wa mbali, na huku unakotokea upepo bluu imepanda kwa karibu sentimita nzima.

Kiasi cha chumvi ndicho kinachoamua kila kitu. Kijiko kimoja cha chai kwa lita, gramu 5 hivi, kinatosha. Mtu anayetaka matabaka yaonekane imara hutia vijiko sita au saba, halafu anashangaa mbona mpaka hautikisiki hata drai ikiungua. Uzito ukizidi mara saba, mwinamo unapungua mara saba, na kinachobaki ni milimita moja ambayo wa safu ya pili haioni. Kwa bahati nzuri kosa hilo lenyewe linafundisha. Ukiwa na chombo cha pili chenye chumvi nyingi, kionyeshe: hivyo ndivyo ziwa lilivyo wakati wa joto, matabaka yakiwa yametengana sana. Chombo cha kwanza ni mwezi wa sita na wa saba, wakati upepo mkavu umeupoza uso wa ziwa na tofauti imebaki ndogo. Kwa upepo ule ule, mpaka mmoja unainama na mwingine haunyanyuki.

Sasa elekeza chombo kama ramani. Mwanza iko kusini mwa ziwa. Upepo wa kusini unayasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, mbali na pwani yetu, na upande unakotokea upepo ndiko maji ya chini hupanda. Hapa mzee arudishiwe swali lake kwa heshima: “Mzee, ulisema kweli, upepo unaingiza hewa. Unaingiza kupitia juu, kidogo kidogo. Lakini tazama huku chini unafanya nini kwa wakati ule ule.” Ni mkono mmoja unaotia kikombe kwenye pipa na mwingine unaomimina ndoo ya maji mabovu. Ukipata muda wa kipandio kimoja tu, kiwe hiki.

Chombo hakionyeshi kila kitu, na yafaa kusema hivyo kwa sentensi mbili bila kuingia ndani. Ghuba ina visiwa, mikono na miamba, kwa hiyo maji yanayopanda hayaji kama ukuta ulionyooka. Na upepo ukikatika, tabaka lililoinama hurudi na kupitiliza, likiyumba kama maji kwenye karai lililobebwa, ndiyo maana hatari haiishi saa ile upepo unapotulia.

Kipandio cha nne ni hesabu, na ndicho kinachosahaulika. Watu wakishaelewa kwamba maji yenye miligramu 7 yamekutana na maji yenye 0, watagawa nusu kwa nusu na kupata 3.5. Kwa kiasi hicho sato bado anaishi. Mbona wamekufa? Rudi kwenye akaunti. Maji ya chini yaliyokaa muda mrefu bila oksijeni hayako kwenye sifuri, yako kwenye deni. Bakteria wake wameacha vitu vinavyoidai oksijeni mara tu vikikutana nayo, pamoja na gesi ile yenye harufu ya yai viza. Aliyewahi kukopa Songesha anajua: pesa ikiingia, deni linakatwa kabla hujaiona. Nusu kwa nusu inaanza na 3.5, deni linakata, na samaki anabakiwa na 2 au pungufu. Usiku huo mwani nao hauweki chochote kwa kuwa hakuna jua, na samaki walioshiba jioni wanatumia zaidi kwa kusaga chakula.

Baada ya hapo, siyo kabla, chora namba ubaoni. Zinazofuata ni za kufundishia. Siku tulivu kwenye kizimba: nusu mita kutoka juu 6.8, mita 4 ni 6.1, mita 8 ni 2.4, mita 11 ni 0.6. Baada ya upepo: nusu mita 2.9, mita 4 ni 1.5, mita 8 ni 0.5. Waambie wachore mstari wa miligramu 3 kwenye picha zote mbili na waonyeshe samaki anaweza kukaa wapi. Siku ya kwanza ana sehemu kubwa ya kizimba. Siku ya pili hana mahali. Namba hizo zikitolewa mwanzoni ni makelele tu. Zikija hapa, kila moja ina kipandio inachosimamia.

Kujua kama ngazi imefanya kazi, usiulize “mmeelewa?”, maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza jambo ambalo halijasemwa. Upepo wa kusini umevuma tangu jana, na asubuhi maji ya kizimba ni baridi kuliko juzi: utalisha? Aliyepanda vipandio vyote atasema hapana, na atataja yote mawili, baridi kama dalili ya maji ya chini na chakula kama kinachoongeza kutoa. Akisema “nitalisha kidogo ili wapate nguvu”, kipandio cha pili hakijakaa. Uliza tena: upepo ukigeuka uvume kutoka kaskazini wiki nzima, nani awe macho zaidi, sisi au watu wa ng'ambo? Anayejibu “wote sawa” bado ana mtumbwi uliopinduka kichwani. Swali la tatu ni gumu zaidi: samaki wanahema alfajiri, lakini hakujakuwa na upepo wiki nzima, maji ni ya kijani kizito na si baridi. Ni jambo lile lile? Si lile. Hapo mwani wenyewe umetumia salio usiku, na hali hupata nafuu jua likipanda, wakati maji yaliyopanda kutoka chini hayasubiri jua. Atakayetenganisha hayo mawili amemiliki wazo, hakuukariri mfano.

Na sumu je? Ngazi inaeleza jinsi samaki wanavyoweza kufa bila mtu kumwaga kitu. Haithibitishi kwamba asubuhi ile ndivyo ilivyokuwa, na msemaji anayevuka mpaka huo anapoteza imani ya watu siku itakapotokea sumu ya kweli. Kinachoamua ni vipimo vilivyochukuliwa mapema: joto na oksijeni kwa nusu mita, mita 4 na mita 8, kabla jua halijachomoza, ndani ya kizimba na mita mia moja nje yake. Kama nje nako oksijeni iko chini na maji ni baridi kuliko siku zilizotangulia, maji ya chini yamepanda. Kama oksijeni nje na ndani iko 6 na samaki wanakufa, hewa si chanzo. Maji na samaki wawekwe kwenye barafu wapelekwe maabara siku hiyo hiyo, na mazungumzo ya mwaloni yasubiri majibu.